Kupanda ndege roho ikiwa mahali pake: niliyoongea na wasafiri wetu wa Umra pale Ngamiani

Wale mliokosa kuja juzi Jumapili baada ya Alasiri na mmenisumbua weee niwatumie, haya, nimeandika yote kama nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziacha maana hata siku yenyewe umeme ulikatika tukiwa kwenye ya tatu.

Assalaam aleikum warahmatullah. Baba zangu, mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu huko nyuma mliokalia mikeka, hamjambo?

Mnanijua, mie mtoto wa hapahapa Ngamiani, nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka 14 na nimeacha kwa sababu ya mgongo, sio kwa sababu ya woga. Lakini woga naujua. Miezi sita ya mwanzo nilikuwa nagawa juisi huku magoti yananicheza ndani ya sketi. Kwa hiyo leo sijaja kuwaambia msiogope. Kwani kuna mtu aliyeambiwa usiogope akaacha kuogopa? Yupo? Basi.

Nianze na mama yangu mdogo, yuko hapa, kajificha nyuma ya nguzo, kanipa ruhusa nimseme. Mwaka juzi kalipa kila kitu, kafungasha, tumeshuka na basi mpaka Dar, kaagwa na watu, kafika mpaka kwenye mlango wa ndege, mguu mmoja ndani mmoja nje, akageuka. Akaniambia baadaye, mwanangu, nilipogeuka tu mwili wote ukawa mwepesi kama nimetuliwa mzigo. Sasa sikilizeni hapo, maana ndo penyewe. Ule wepesi ndo uliomponza. Mwili wake ulijifunza kwamba kilichomwokoa ni kukimbia, kwa hiyo safari iliyofuata hofu ilianza mapema zaidi, haikungoja mlango wa ndege, ilianza akiiona tu pasipoti kabatini. Hofu ya ndege ukiikimbia inanenepa, ukikaa nayo inachoka. Hasa kile kilele chake, ile moyo kudunda na jasho, mara nyingi kinapanda ndani ya dakika kumi hivi alafu kinaanza kushuka chenyewe, hata usipofanya lolote. Shida ni kwamba wengi hatujawahi kukaa mpaka tukaona kinashuka.

Mwaka jana akaenda, akarudi. Kilichobadilika ni wiki mbili za mazoezi. Ntawaeleza jinsi ilivyokuwa.

Tuanze na usiku wa kabla. Wazee wangu wa kahawa, mnanisamehe, naanza na nyie. Najua baraza la kahawa na kashata halivunjwi. Ila kahawa ile ukiinywa saa kumi jioni, kwa watu wengi ikifika saa tatu usiku nusu yake bado iko mwilini, na saa nane usiku bado robo. Sasa kahawa inafanya nini? Inadundisha moyo, inatetemesha vidole. Na hofu inafanya nini? Si hayohayo? Mwili hautofautishi, unasikia moyo unadunda unasema ahaa kuna hatari. Kwa hiyo siku moja kabla ya safari kahawa ya mwisho iwe asubuhi, na siku ya ndege hakuna, chai nyeusi nzito nayo muipunguze. Ila kama we ni mtu wa vikombe sita kwa siku usiache ghafla usiku huo, kichwa kitakuuma. Anza kupunguza wiki moja kabla.

La pili la usiku huo ni simu. Nawaomba wanagrupu, yule anayeturushia video za ndege zimeanguka akidhani anatukumbusha mauti, amuogope Mungu. Mama mdogo safari ile ya kwanza alikaa mpaka saa saba usiku anaangalia moja baada ya nyingine. Safari ya pili simu nilikaa nayo mie.

Na usingizi ukikataa? Ukatae tu. Mnanielewa? Kinachomchosha mtu sio kukosa usingizi usiku mmoja, ni kupigana nao, kugeuka huku kugeuka kule unahesabu zimebaki saa ngapi. Ukiona umelala macho kama nusu saa hivi, amka, kaa kwenye kiti taa hafifu, soma, au andika kwenye karatasi hicho kinachokusumbua kwa maneno yako, kizima. Mama mdogo aliandika hivi: "naogopa hewa itaisha mule ndani mlango ukifungwa." Mnaona? Sio kuanguka. Ilikuwa hewa! Wote tulikuwa tunamtuliza kwa habari za usalama wa injini kumbe mwenzetu anaogopa kukosa hewa. Ndo maana nasema muandike, maana hofu ya ndege sio moja. Kuna anayeogopa kufungiwa, kuna anayeogopa kwenda juu, kuna anayeogopa kujiaibisha mbele za watu. Na jibu la hewa ni rahisi. Kwenye ndege kubwa za abiria hewa inaingizwa kutoka nje na nyingine inachujwa na kurudishwa, safari nzima, ile ya ndani yote inabadilishwa kila dakika mbili tatu hivi. Ni nyepesi kidogo, kama ya mtu aliye mlimani juu zaidi ya Lushoto, na ni kavu, lakini haiishi. Mama mdogo hilo alilibeba kama hirizi.

Sasa njooni kwenye pumzi, na hapa ntakaa sana kwa sababu hapa ndo watu wanakosea kuliko popote.

Kuna baba mmoja, wa makamo, nilimhudumia safari ya usiku. Ndege haijaondoka hata, kaanza kuhema. Jirani zake wa kushoto na kulia, watu wema wallahi, wakamshika mabega, "vuta pumzi mzee, vuta, vuta sanaa." Na yeye akavuta. Akavuta kwelikweli. Dakika tatu baadaye ananiambia midomo imekufa ganzi, vidole vimejikunja haviachi, kichwa chepesi, mwanangu nakufa hewa hakuna. Hewa ilikuwepo, imezidi! Ukihema haraka na kwa nguvu unaitoa nje ile kaboni dayoksaidi kuliko mwili unavyotaka, na ikipungua sana kwenye damu ndo hiyo ganzi ya midomo na vidole, kizunguzungu, kifua kubana, na cha ajabu zaidi unajihisi unakosa hewa, kwa hiyo unavuta zaidi, mambo yanazidi. Kwa hiyo tukimwambia mwenye hofu avute pumzi sana, tunammwagia mafuta ya taa kwenye moto.

Siri iko kwenye kutoa. Hebu wote, mkono mmoja juu ya kitovu. Funga mdomo. Vuta kwa pua kidogo tu, kawaida, hesabu moja mpaka nne, mkono wa kitovuni ndo unyanyuke, mabega yatulie. Sasa toa polepole, midomo kama unapuliza uji wa moto usikuunguze, hesabu mpaka sita. Tena. Hiyo moja ni kama sekunde kumi, kwa dakika zinakuwa sita. Nyie bibi zangu pale mbele mabega yanapanda, shusheni. Tena. Haya, nani anasikia kizunguzungu? Wewe unavuta nyingi mno, punguza kuvuta, usipunguze kutoa. Na kama sita inakushinda toa kwa tano, lakini kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Yule baba nilichuchumaa pale koridoni nikamwambia usivute, nipulizie tu mkono wangu taratibu, mshumaa usizimike. Nikapuliza naye. Ilichukua kama dakika tano vidole vikaachia. Na msimpe mtu mfuko wa karatasi apumulie kama mlivyoona kwenye sinema, maana kama tatizo ni moyo au pumu unamuumiza. Alafu tofautisheni: kifua kinachouma kama kimekandamizwa na maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, au mtu mwenye ugonjwa wa moyo anasema leo sio kawaida yangu, hiyo usipulize chochote, bonyeza kitufe juu ya kichwa, ita mhudumu hapohapo.

Kitu kingine, mashehe mnirekebishe nikikosea. Dua ya safari. Nimeona watu wakishikwa na hofu wanaikimbiza dua, mara ishirini kwa pumzi moja bila kituo, mpaka wanahema. Isomeni taratibu, kwa sauti ya chini, pumzi ikiwa inatoka, mkimaliza nyamazeni mvute ndogo, ndo muanze tena. Mwenye tasbihi, punje moja kwa pumzi moja ya kutoa. Sisemi dua ni mazoezi ya kifua, hasha. Nasema ukiisoma kwa utulivu mwili nao unafaidi.

Na pumzi hii msingoje kuijaribu kwenye ndege. Mama mdogo alifanya dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala, wiki mbili, jikoni, kwenye daladala, akisubiri maji ya dumu. Kitu ambacho hujakifanya ukiwa umetulia hutakikumbuka ukiwa umeshtuka.

Twende kwenye kupaa. Hapa kinachowaua watu ni sauti. Mtu hajui sauti, kila sauti anaitafsiri kifo. Basi nilimwandikia mama mdogo kikaratasi kidogo kama cha dawa, sauti kwa mpangilio wake, na kazi yake ilikuwa kuzisubiri na kuzitaja, sio kuziogopa. Nawaambia kilichokuwemo.

Ndege inakwenda polepole mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, inaweza kusimama kidogo. Alafu injini zinanguruma kwelikweli, unasukumwa mgongo kwenye kiti, vyombo vinatetemeka, matairi yanagonga viungo vya zege tatata. Hii inachukua nusu dakika, sekunde arobaini hivi, hesabu pumzi tatu nne za kutoa. Pua inanyanyuka, mtetemo wa chini unakatika ghafla, mko hewani. Sekunde chache baadaye unasikia mlio kama wa mashine alafu kishindo chini ya miguu, gubu! Hayo ni matairi yanakunjwa, milango yake inajifunga.

Sasa hii inayofuata ndo mbaya kuliko zote na hakuna anayewaambia watu. Mara nyingi hata dakika haijaisha tangu muache ardhi, injini zinapunguza sauti na pua inashuka kidogo, na wewe ndani unahisi kabisa kabisa ndege inaanguka. Haianguki. Bado inapanda. Rubani kapunguza tu ile nguvu kubwa ya kuondokea, haihitajiki tena. Kwanini basi mwili unasema tunaanguka? Ndani ya sikio kuna vifaa vidogo vya kupimia mwendo, havijui spidi, vinajua mabadiliko ya spidi tu. Mnalijua basi letu la Dar, dereva akiwa kakanyaga mafuta alafu akaachia ghafla, si mnainama mbele wote? Basi limerudi nyuma? Halijarudi, bado linakwenda mbele, ila mwili umehisi kinyume. Na ukitelemka Wami tumbo linavyopanda kifuani, umekufa? Ni sikio hilohilo. Kwa hiyo pale sauti ikishuka, mtazame mhudumu aliyekaa kiti cha ukutani. Mie nilikuwa nawaza nyumbani kuna unga au umeisha.

Mama mdogo nilimpa kazi ya kujipa maksi za hofu, sifuri mpaka kumi. Kwenye gari la eapoti alisema sita. Mlangoni tisa, na hapo alimwambia mhudumu wa mlangoni kama nilivyomfundisha, "mwanangu, mie naogopa," basi, na yule dada akaja kumwangalia mara mbili. Msione haya, tunapenda kuambiwa, kuliko kugundua mtu kazimia. Ndege inakimbia, kumi. Kumi kamili! Alikuwa kabana mikono ya kiti mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na pumzi kaisahau, kaibana kabisa. Nikamwambia bana ngumi zaidi, zaidi, sekunde tano, haya achia, viganja viangalie juu mapajani. Mara tatu. Mwili unaona vigumu kuachia kitu kwa kuambiwa achia, ila ukikibana kwanza unajua kuachia kukoje. Sauti iliposhuka akasema kwa nguvu "hii ndo ile!" watu wakageuka. Dakika chache baadaye akasema saba. Chakula kinakuja, tatu, akamaliza wali na akaniuliza kama kuku wangu mie sili.

Sifuri hakufika. Sikumuahidi sifuri na nyie siwaahidi.

Kule juu kuna mtikisiko. Nani hapa kashavuka na mashua kwenda Pemba kipindi cha kusi? Nyoosheni. Ehee. Mashua ilikuwa inazama kila ikishuka kwenye wimbi? Hewa nayo ni kama bahari, ina mawimbi, ila hatuyaoni, na ndo maana inatisha. Hakuna shimo la hewa, hewa imejaa kila mahali, inapanda na kushuka tu, hasa juu ya nchi kavu mchana jua likiwa kali, na karibu na mawingu makubwa. Mtu anasema tumeanguka mita mia, kumbe mara nyingi ni mita chache. Chukua chupa ya maji nusu, iweke mezani uyaangalie yale maji yanavyocheza. Mengi mtashangaa, tumbo linasema kimbunga na maji yanacheza kama kwenye daladala ya Makorora. Na bawa likionekana linapinda dirishani, limetengenezwa lipinde. Kabla ndege haijaruhusiwa kubeba watu muundo wake lazima uthibitishwe kubeba mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kuliko wote unaotarajiwa. Hatari ya kweli ya mtikisiko ni kwa asiyefunga mkanda, anarushwa kwenye dari. Fungeni muda wote mkiwa mmekaa, hata taa ya mkanda ikizimwa. Na wanaoogopa zaidi waombe viti vya karibu na mabawa, huko hucheza kidogo kuliko mkiani.

Mama mdogo alipotikiswa akapanda tena saba. Nikampa kalamu, nikamwambia andika jina lako kwa mkono wa kushoto, na jina la kila mjukuu. Ana wajukuu kumi na moja. Akili ikihangaika na herufi haina nafasi nyingi ya kubuni maafa. Alipofika wa nane mtikisiko ulikuwa umeisha na karatasi ile ilikuwa kama mwandiko wa kuku.

Vidonge. Jamani. Safari moja abiria kapewa kidonge cha usingizi na jirani yake wa nyumbani, hajawahi kukinywa, ana presha na dawa zake nyingine. Akaamka katikati ya safari hajui yuko wapi, anatafuta mlango wa uani. Tulimshika watatu. Dawa ya mwenzio usinywe, ya kwako mwenyewe uzungumze na daktari anayekujua, na uijaribu nyumbani kwanza. Mimi binafsi hata ile anayoandika daktari naona ni ya mwisho kabisa, maana ukisafiri umelewa dawa mwili haujifunzi kwamba kilele kinashuka chenyewe, safari ya kurudi unaanza upya.

Kutua sasa, haraka maana adhana inakaribia. Kama nusu saa kabla sauti ya injini inapungua, masikio yanaziba. Msilale wakati huu. Tafuneni tende, mezeni mate, au ziba pua funga mdomo usukume hewa taratibu, taratibu nimesema, sio kama unapuliza baragumu. Mwenye mafua makali amuone daktari kabla ya safari. Kuna mlio wa kusaga kwenye mabawa, vibao vinatoka ili ndege iweze kwenda polepole. Kishindo, matairi yanatoka. Mkiona mnakaribia kabisa chini alafu injini zinanguruma na mnapanda tena, rubani hakuridhika na kitu, pengine ndege nyingine bado haijatoka kwenye njia ya kutua, anazunguka anarudi. Kisha matairi yanagonga, na hapo kelele kubwa kuliko zote, ngurumo, mnasukumwa mbele, vibao vinasimama juu ya mabawa. Hiyo ngurumo ni injini zinasaidia breki.

Jeddah tuligusa chini kwa kishindo kizuri tu, watu kadhaa wakapiga kelele. Na mama mdogo, maksi tano, miwani imeshuka puani, kikaratasi mkononi, akamgeukia kijana wa pembeni aliyefumba macho, akampiga paja, akamwambia, "fumbua mwanangu, hiyo breki."

Haya, maswali tuyafanyie nje. Chai ipo ya tangawizi, na wazee wangu, kahawa nimewaambia vijana wasilete.